Je, wajua? Kiyoyozi na uso unaopauka ofisini

*Nafanya kazi Posta, Dar es Salaam, ofisi ya kiyoyozi kutwa. Nje ni joto la jasho, lakini ikifika saa tano asubuhi uso umepauka na unabana, na mchana pua inang'aa mafuta. Inakuwaje, na nifanye nini nikiwa kazini?*

Anza na bomba dogo linalotoka nyuma ya ukuta na kudondosha maji barazani. Kinga hapo chupa ya lita moja na nusu. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, cha BTU 12,000, kikifanya kazi kwa nguvu kwenye joto la pwani hutoa lita moja hivi kwa saa, na pengine zaidi. Hayo maji yalikuwa mvuke ndani ya hewa ya chumba chako. Hewa inapopita kwenye koili ya baridi, mvuke unageuka kuwa matone, matone yanashuka kwenye trei na kutoka nje. Kiyoyozi hakiwezi kupoza hewa ya Dar bila kuikamua maji.

Sasa tuhesabu. Hewa ya nje yenye joto la nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75 hubeba kama gramu 25 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikitoka kwenye koili ikiwa na nyuzi 12 hivi, imebaki na gramu 10 au 11 tu. Ikichanganyika chumbani na kupanda hadi nyuzi 23, kipimo cha unyevu kilichotundikwa ukutani kitasoma karibu asilimia 50, na mtu wa majengo atakwambia hewa ni nzuri kabisa. Kwa kipimo chake hakosei. Lakini ngozi haijali asilimia za chumba. Uso una joto la nyuzi 33 hivi, na hewa iliyogusana na kitu chenye joto hilo inaweza kushika takriban gramu 35 za maji. Nje pengo kati ya uso na hewa ni gramu 10. Ndani pengo ni gramu 25. Nguvu inayovuta maji kutoka usoni imekuwa mara mbili na nusu, na wewe hujasogea hata mita mia kutoka mlango wa jengo.

Juu ya hapo kuna upepo. Hewa tulivu huacha tabaka jembamba la unyevu limeegemea uso, na tabaka hilo hupunguza kasi ya maji kutoka. Mashine ikikupulizia moja kwa moja, tabaka linafagiliwa kila sekunde. Ndiyo maana watu wawili wa ofisi moja hawafanani: aliyekaa chini ya mashine amepauka, wa pembeni hana shida. Tena nje jasho lenyewe huulowesha uso, na ndani jasho linakata.

Kinachokauka ni tabaka la juu kabisa la ngozi, seli zilizokufa zilizopangana kwa unene wa sehemu moja au mbili za mia za milimita. Kati ya seli hizo kuna mafuta maalumu, yakiwemo seramidi, yanayozuia maji yasitoke ovyo. Tabaka hili likiwa na maji ya kutosha hukunjika bila shida, na seli za zamani hudondoka mojamoja bila kuonekana. Maji yakipungua, vimeng'enya vinavyoachanisha seli hizo hulegea, kwa hiyo seli hazidondoki tena mojamoja. Zinabaki zimeshikana, zinanyanyuka kwa makundi na kutawanya mwanga. Kwenye ngozi nyeusi hiyo ndiyo rangi ya majivu unayoiona kwenye kioo cha msalani. Kubana nako ni tabaka hilohilo linalonywea.

Na pua inayong'aa? Mafuta ya pua yanatoka kwenye tezi, hayana uhusiano na maji yaliyomo kwenye tabaka la juu. Uso unaweza kuwa na mafuta mengi na maji kidogo kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu wengi wanapojiharibia. Wanaona mng'ao, wanaenda kunawa kwa sabuni ya mche, ambayo ina alkali kali kuliko ngozi inavyotaka. Sabuni inaondoa mng'ao pamoja na yale mafuta ya kati ya seli. Baada ya nusu saa uso unabana zaidi ya mwanzo. Mng'ao uondoe kwa kugandamiza tishu kavu kwenye pua na paji, bila kusugua, basi.

Tuje kwenye tiba, tukianza na mashine, maana hapo unapata faida kubwa bila kununua kitu. Shika rimoti uangalie mambo matatu. Kwanza, kioo kisome COOL, si DRY. Hali ya DRY imetengenezwa kwa ajili ya kukamua maji, na ni rahisi kusahaulika hapo baada ya msimu wa mvua. Pili, panda kutoka nyuzi 18 au 20 hadi 25. Mashine ya kawaida haipozi haraka zaidi ukiiweka 18. Inachofanya ni kuendelea kukamua bila kupumzika, wakati kwenye 25 kompresa hupata kupumzika na sehemu ya maji yaliyobaki kwenye koili hurudi chumbani. Tatu, elekeza mapezi ya mbele juu, yawe karibu sambamba na dari. Hewa baridi ni nzito, itashuka yenyewe. Hakuna haja ya kuituma usoni kwa mtu. Kama ni kiyoyozi cha jengo zima chenye matundu ya darini na huna rimoti, hamisha kiti. Hata mita moja na nusu kando ya tundu inatosha kuhisi tofauti.

Mwambie fundi aoshe chujio pia, kila mwezi kwa ofisi ya barabarani yenye vumbi. Chujio likiziba, hewa inapita polepole, koili inakuwa baridi kupita kiasi na inakamua maji mengi kwa kila hewa kidogo inayopita. Dalili yake ni mashine inayopuliza kidogo lakini baridi sana, na wakati mwingine barafu kwenye koili.

Uso wenyewe unahitaji hatua mbili tu, ila mpangilio wake ndio kila kitu: maji kwanza, kifuniko baadaye, na kati ya hayo mawili zisipite dakika tatu. Asubuhi nawa kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu. Sabuni laini iachie jioni. Gandamiza taulo, usisugue, na uache uso ukiwa na unyevunyevu. Hapohapo paka losheni isiyo na manukato yenye glisirini, kiasi cha punje mbili za maharage kwa uso na shingo. Glisirini hushika maji, na mafuta yaliyomo kwenye losheni huyazuia yasitoke. Krimu ya kukinga jua inafuata juu yake, kwa ajili ya njia ya kwenda kazini.

Ofisini rudia mara moja au mbili. Kwa anayeswali, wakati mzuri umeshapangwa: udhu wa adhuhuri na wa alasiri. Ukimaliza udhu na kurudi kwenye kiyoyozi bila kupaka kitu, maji ya usoni yanakauka ndani ya dakika chache na uso unabaki mkavu kuliko ulivyokuwa. Weka tyubu ndogo ya losheni mfukoni, paka kiasi cha punje moja ya harage uso ukiwa bado umelowa. Asiyeswali afanye vivyo hivyo baada ya chakula cha mchana. Mwenye vipodozi usoni alowanishe viganja, aguse mashavu kwa kugandamiza, kisha agandamize losheni kidogo kwenye mashavu na pembe za mdomo, sehemu zinazopauka kwanza. Midomo na pembe za pua zipewe vaselini, utando mwembamba tu. Vaselini ndiyo kifuniko chenye nguvu kuliko vyote vya bei ndogo, ila haina maji ndani yake, kwa hiyo inasaidia zaidi ukiipaka juu ya ngozi yenye unyevunyevu.

Maji nayo yanahitaji kifuniko, ndiyo maana chupa ya kupuliza maji usoni peke yake haisaidii. Unapata raha ya dakika mbili, maji yanaondoka. Glisirini tupu ya dukani, isiyochanganywa, nayo ina kasoro: hewa ikiwa kavu na hakuna kifuniko juu yake, inavuta maji kutoka tabaka za chini za ngozi, na inanata. Mafuta ya nazi hufunika vizuri, lakini kwa wenye chunusi huziba vinyweleo. Kuweka kikombe cha maji mezani ni kujifariji. Kikombe hakitoi hata kijiko cha chai kwa saa, na mashine inatoa lita. Zile mashine ndogo za kutoa ukungu zinazochomekwa kwenye kompyuta hutoa zaidi, lakini katika chumba cha watu kumi ni kujaza pipa lenye tundu. Kunywa maji ni kwa ajili ya kiu na figo. Kama hukuwa na upungufu wa maji mwilini, glasi mbili za ziada hazifiki kwenye tabaka lile la juu.

Wanaotumia krimu za kujichubua watasikia kiyoyozi kuliko wengine. Nyingi zina steroidi, ambazo hupunguza unene wa ngozi na kudhoofisha uwezo wake wa kushika maji. Uso wa namna hiyo huchoma hata kwa losheni ya kawaida. Ila krimu ya steroidi iliyotumika miezi mingi haifai kuachwa ghafla bila daktari wa ngozi, maana uso unaweza kuwaka vibaya kuliko mwanzo.

Utajuaje kwamba si kiyoyozi? Ukavu wa ofisini hupungua Jumamosi na Jumapili, na unaenea mashavuni na paji la uso kwa pande zote mbili. Ukitumia utaratibu huu, kubana kunapaswa kupungua siku chache za mwanzo, na magamba ndani ya wiki mbili. Magamba ya manjano yenye mafuta kwenye mikunjo ya pua, kwenye nyusi na nyuma ya masikio, yanayoandamana na mba kichwani, ni jambo jingine. Hapo kuna hamira ya ngozi inayokula mafuta, na kuzidisha mafuta ya nazi kunailisha. Hiyo inatibiwa kwa dawa ya fangasi, daktari akishaiona. Mabaka yanayowasha usiku, yanayotoa majimaji au kupasuka, nayo yapeleke kwa daktari wa ngozi bila kusubiri wiki mbili.