Tarehe iliyogeuka 45366 haijapotea

Unafungua faili ya Excel na kwenye safu ya tarehe unakuta 45366 badala ya 15/03/2024. Usiifute wala usianze kuandika upya. Tarehe bado imo ndani ya seli; kilichoondoka ni vazi lake tu.

Lahajedwali huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku. Katika Excel, siku ya 1 ni tarehe 1 Januari 1900, na kila siku inayofuata huongeza moja. Tarehe 1 Januari 2024 ni 45292. Ongeza siku 74 utafika 45366, yaani 15 Machi 2024. Saa huwa sehemu ya desimali: 45366.75 ni siku hiyohiyo, robo tatu ya siku tangu usiku wa manane, yaani saa 12 jioni. Ndiyo maana unaweza kutoa tarehe moja kwa nyingine ukapata idadi ya siku. Seli ikiwekewa muundo wa General au Number, huonyesha hesabu hiyo ikiwa wazi.

Kuirudisha ni rahisi. Chagua safu, bonyeza Ctrl+1, nenda Number, chagua Date, kisha muundo unaoutaka, halafu OK. Ukiona alama ##### usishtuke. Mara nyingi safu ni nyembamba, ipanue.

Wakati mwingine unabadilisha muundo na namba inabaki vilevile. Hapo tazama ilivyokaa: kama haijapangwa kwa mkono na imeegemea kushoto, huenda imehifadhiwa kama maandishi, na muundo wa tarehe hauyagusi maandishi. Kwenye safu tupu ya pembeni andika fomula hii, kisha uipe matokeo muundo wa Date:

```
=VALUE(A2)
```

Namba hujitokeza pia unapounganisha tarehe na maneno kwa alama &, kwa sababu muungano huchukua hesabu ya ndani na kuacha muundo. Tumia TEXT:

```
="Mwisho wa malipo: "&TEXT(A2,"dd/mm/yyyy")
```

Matokeo ya TEXT ni maandishi, kwa hiyo hesabu za siku ziendelee kutumia A2.

Kosa la kuogopwa zaidi ni lile lisiloonekana. Baadhi ya faili, hasa za zamani zilizotengenezwa kwenye Mac, huhesabu siku kuanzia 1904. Humo 15 Machi 2024 huhifadhiwa kama 43904. Namba hiyo ikiingia kwenye faili ya kawaida na kupewa muundo wa Date, utasoma 14 Machi 2020: tarehe safi kabisa, lakini imerudi nyuma miaka minne na siku moja. Basi kabla ya kuendelea, linganisha seli moja na hati ya asili. Tofauti ikiwa siku 1462, ziongeze:

```
=A2+1462
```