Kibodi ya Bluetooth inaporudia herufi: anza na betri

Mwezi uliopita karani mmoja wa Mwaloni, Kirumba, alileta kibodi yake kwenye kitengo chetu cha TEHAMA. Kazi yake ni kuandika magunia ya dagaa yanayoingia na kutoka, mchana kwenye kishikwambi akiwa sokoni, jioni kwenye kompyuta mpakato ofisini. "Fundi, hii kitu ina wazimu," alisema. "Naandika magunia, inatoka maggggggunia. Halafu inakata kabisa."

Wazimu huo una maelezo. Unapobonyeza kitufe, kibodi hupeleka habari mbili: kwanza kwamba kitufe kimebonyezwa, kisha kwamba kimeachiwa. Ikiwa mawasiliano yatakatika baada ya habari ya kwanza, kompyuta hudhani kidole chako bado kipo pale pale. Basi yenyewe ndiyo inayoendelea kuandika herufi ile, mpaka itambue kwamba kibodi haipo hewani. Kwa hiyo ukiona herufi zinajirudia, usikimbilie kufungua vitufe na kuvisafisha. Jiulize kwanza ni nini kinachokata mawasiliano.

Karani alikuwa na uhakika kwamba si betri, maana kishikwambi kilionyesha asilimia 60. Asilimia hiyo ni makadirio tu, na aghalabu hutokana na volti. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imetulia, lakini redio ya kibodi inapotaka umeme wa ghafla ili ipeleke habari, volti zinaporomoka. Kibodi huzimika kwa kitambo kidogo, kisha huwaka tena na kuanza kutafuta kompyuta upya. Wewe unaona imekata.

Tulitoa betri zake mbili ndogo za AAA. Kwa multimita ya kawaida, moja ilisoma volti 1.5 na nyingine 1.3. Tulipozipima kwa mzigo mdogo, yaani zikiwa zinatoa umeme kidogo, ya kwanza ilibaki karibu pale pale, ya pili ikashuka hadi 0.9. Alikuwa amebadilisha moja tu ili kuokoa pesa, na kwa kuwa betri zimeunganishwa kwa mfululizo, ile chovu inashusha volti za jozi nzima. Badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja.

Angalia pia maandishi kwenye ganda. Zile za bei ya chini zilizoandikwa HEAVY DUTY kwa kawaida ni za zinki na kaboni. Jina linajisifu, lakini kwa mzigo wa ghafla hazifikii zile zilizoandikwa ALKALINE, na zikiisha huvuja kwa urahisi na kula vibati vya mguso. Betri za kuchaji za nikeli nazo ni nzuri, ila hukaa kwenye volti 1.2 muda mwingi, hivyo kibodi inaweza kulalamika kwamba chaji ni ndogo ilhali bado ipo ya kutosha.

Tatizo la pili alilizaa mwenyewe akijaribu kutibu la kwanza. Kila kibodi ilipokata, aliiunganisha upya. Kibodi yake ina vitufe vya namba 1, 2 na 3 vya kuchagua kifaa, na kila namba hukumbuka kifaa kimoja tu. Kompyuta ilikuwa kwenye 1. Siku moja akashikilia 1 kwa muda na kuunganisha kishikwambi hapo hapo, kibodi ikaisahau kompyuta. Lakini kompyuta haikuambiwa! Iliendelea kuorodhesha kibodi kama inayoijua, huku ufunguo wa siri iliokuwa nao haukubaliki tena.

Hapo kuwasha na kuzima hakusaidii. Kwenye Windows 11 tulifungua Settings, kisha Bluetooth & devices, tukachagua Remove device kwa kibodi hiyo. Tukashikilia kitufe cha 2 mpaka taa ikapepesa haraka, tukaiongeza upya kwa Add device. Sasa 1 ni kishikwambi, 2 ni kompyuta, na kuhama ni kubonyeza mara moja tu na kuachia. Tulimwandikia kwa kalamu kwenye plasta mgongoni mwa kibodi. Akisahau kuhama, maneno yake yataingia kwenye kishikwambi kilicho ndani ya mkoba, na ofisini ataona kama kibodi imekufa.

Siku mbili baadaye alipiga simu. Haikati tena, ila herufi huchelewa jioni anaponakili kazi kwenye diski ya nje. Diski zinazotumia USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya Bluetooth, na diski yake ilikuwa imelala kando kabisa ya kibodi. Tulimwambia aihamishie upande wa pili wa kompyuta, mbali kadiri waya unavyofika. Herufi zikarudi kufuata vidole.