Dakika ya kwanza hudanganya: kupima umeme wa baiskeli darasani

Tuseme shule ya kata huko Moshi Vijijini imefunga baiskeli kwenye stendi, tairi la nyuma limevuliwa, na mkanda unatoka kwenye rimu kwenda kwenye mota ya DC ya volti 24 inayochaji betri ya gari ya volti 12. Kabla ya kuunganisha betri, mtu akanyage kwa mwendo asioumia, testa ikiwa kwenye nyaya za mota. Isipofika volti 15 hivi, badilisha puli ya mota uweke ndogo zaidi. Betri inayochaji huwa kwenye volti 13 hivi, na mota isipoizidi hakuna ampea hata moja itakayoingia, mwanafunzi akitoka jasho vipi.

Kati ya mota na betri lazima kuwe na dayodi, inayopitisha umeme kwenda kwenye betri tu bila kuurudisha. Utajua imesahaulika au imefungwa kinyume pale mwanafunzi anaposhuka na gurudumu linaendelea kuzunguka lenyewe: betri imeanza kuendesha mota. Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu na betri.

Sasa vipimo. Wengi husoma mita dakika ya kwanza, wakaandika namba hiyo ukutani. Mimi nataka nusu saa nzima, kwa amita ya DC inayobaki kwenye waya muda wote. Tundu la 10A la testa za bei rahisi halifai hapa, kwani nyingi huruhusu sekunde chache tu kabla ya kupata moto.

Chukua mfano wa kijana wa kidato cha tatu, volti zikiwa 13 muda wote. Anaanza na ampea 7, yaani wati 91. Dakika ya 5 amebaki na ampea 5, wati 65. Dakika ya 10 ni ampea 4, na kuanzia dakika ya 15 anatulia kwenye 3.5, wati 45 na ushei, hadi mwisho. Ukijumlisha kipande kwa kipande unapata wati-saa 27 hivi. Aliyeamini dakika ya kwanza angetarajia wati-saa 45.

Kwenye zile 27, betri haitarudisha zote, hesabu 21. Taa nne za LED za wati 5 zitawaka saa moja. Kwa hiyo ratiba ya zamu ipangwe kwa zile wati 45 alizotulia nazo, na nashauri zamu za dakika 10, maana mwili uliopumzika huanza tena juu.

Ampea zikishuka ghafla ilhali miguu haijapunguza kasi, usimlaumu mwanafunzi. Nusa mkanda. Ukinuka mpira ulioungua, unateleza: sogeza mota nyuma kidogo, kaza bolti, kisha rudia kipimo tangu mwanzo na mtu aliyepumzika.