Kwa nini kisu kikubwa cha milingi huzungushwa polepole?

"Mashine ni ileile, chuma ni kilekile. Mbona ukifunga kisu kidogo unakizungusha kasi, ukifunga kikubwa unapunguza? Na hiyo namba ya mizunguko unaitoa wapi?"

Chukua uzi, uzungushe mara moja kwenye kisu cha milingi, kile kinachozunguka na kukata chuma kwa meno yake, chenye kipenyo cha milimita 12, kisha uunyooshe juu ya rula. Utapata karibu milimita 37.7. Fanya hivyo kwa kisu cha milimita 60 na uzi utafika milimita 188.5. Sasa zungusha visu hivyo viwili mzunguko mmoja mmoja: jino la kile kidogo limesafiri sentimita nne hivi, la kile kikubwa karibu sentimita 19. Chuma kinachokatwa hakijui spindo, yaani mhimili wa mashine unaobeba kisu, imezunguka mara ngapi. Kinachokipata ni mwendo wa jino linapopita juu yake, na mwendo huo ndio unaozaa joto.

Kwa hiyo fundi haanzi na mizunguko. Huanza na kasi ya ukataji, yaani mita ambazo jino linaruhusiwa kusafiri kwa dakika moja bila kuungua. Kasi hiyo hutoka kwenye jedwali la watengenezaji wa visu, na hutegemea vitu viwili kwa pamoja: kisu kimetengenezwa kwa nini, na kinakata nini. Kisu chenye alama ya HSS kwenye shina lake, yaani cha chuma kigumu cha kukatia kwa kasi, kikikata chuma laini cha shafti za kawaida, hupewa mita 25 hadi 30 kwa dakika. Kisu hichohicho kwenye chuma kisichoshika kutu hushushwa hadi mita 15 hivi, na kwenye alumini kinaweza kupandishwa hadi mara tatu au nne ya zile mita za chuma laini. Ukibadilisha kisu ukaweka cha kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko HSS, chuma laini hukatwa kwa mita 100 na zaidi.

Ukishajua mita hizo, kilichobaki ni kuuliza: uzi wa kisu hiki unaingia mara ngapi ndani yake? Hesabu yote ni hiyo.

```
n = (1000 × Vc) / (π × D)
```

Hapo `n` ni mizunguko kwa dakika, `Vc` ni kasi ya ukataji kwa mita kwa dakika, na `D` ni kipenyo cha kisu kwa milimita. Ile 1000 ipo kwa sababu kasi imetolewa kwa mita na kipenyo kwa milimita, hivyo lazima vikutane kwenye kipimo kimoja. Na `π × D` ni urefu wa uzi wetu.

Tuchukue kazi inayoingia karakana karibu kila wiki: shafti ya milimita 40 inayotaka mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachoifunga shafti na gia au puli yake zizunguke pamoja. Kwa shafti ya unene huo, mfereji una upana wa milimita 12 na kina cha milimita 5. Nafunga shafti kwenye jiliwa, naweka kisu cha HSS cha milimita 12 chenye meno mawili, na nachagua mita 25. Elfu moja mara 25 ni 25,000. Nikigawanya kwa 37.7 napata 663.

Lakini mashine ya gia haina 663. Yangu, karibu na namba hiyo, ina 500, 630 na 800. Mtu anayeanza hushawishika kupanda 800 ili kazi iishe upesi. Nashuka 630, na sababu yake ni ya kihesabu. Katika 800, kisu hiki kinakata kwa mita 30.2, yaani asilimia 20 hivi juu ya zile nilizochagua. Mhandisi Mmarekani Frederick Taylor, mmoja wa waliotuletea chuma cha HSS mwishoni mwa karne ya 19, alipima kwa miaka mingi uhusiano wa kasi na uhai wa kisu. Kwa HSS uhusiano huo ni mkali sana: ukiongeza kasi kwa asilimia 20, uhai wa makali hushuka hadi karibu robo. Kisu ambacho kingefanya kazi saa nzima kabla ya kunolewa kitachoka ndani ya robo saa. Unaokoa dakika chache kwenye mfereji, unazipoteza zote kwenye jiwe la kunolea.

Ndiyo maana namba ikiangukia katikati ya gia mbili, mimi huchukua ya chini.

Mwendo wa meza nao hufuata mizunguko. Kila jino la kisu hiki nalipangia kukata kipande cha unene wa milimita 0.04. Meno mawili, mizunguko 630, meza inatembea kama milimita 50 kwa dakika. Ukipunguza mizunguko ukaiacha meza ilivyokuwa, kila jino litabeba kipande kinene kuliko uwezo wake, na kisu chembamba kitavunjika.

Nilipokuwa nikijifunza, nilimaliza mfereji kama huu, nikafunga kisu cha HSS cha milimita 60 ili kusawazisha uso wa bamba la chuma hichohicho. Gia sikuigusa. Katika 630, meno ya kisu hicho yalikuwa yanakimbia karibu mita 119 kwa dakika, mara tano hivi ya kinachofaa. Sauti ilianza kuwa ya mlio mkali, maranda yakatoka ya buluu iliyoiva, na kabla dakika haijaisha pembe za meno zilikuwa zimepoteza ncha. HSS hulegea joto likipita nyuzijoto 600 hivi, na kikishalegea hakikati tena, kinasugua, na kusugua kunaongeza joto. Hesabu sahihi ilikuwa 25,000 kugawa kwa 188.5, yaani 133. Gia ya 125 ilikuwepo pale pale.

Maranda ni shahidi mzuri, ila lazima ujue unasoma ya kisu gani. Kwa HSS yanatakiwa kuwa ya rangi ya fedha, au manjano kidogo. Ya buluu ni dalili kwamba umezidisha. Kwa kabaidi, buluu kwenye chuma si ajabu, maana inastahimili joto hilo. Ukienda polepole mno nako kuna dalili zake: chuma hunata kwenye ncha ya jino, na uso unatoka wenye mikwaruzo kama umechanwa.

Kwa HSS kwenye chuma laini, mafundi wengi hawatoi hata kikokotoo. Elfu moja gawa kwa pai ni 318, mara 25 ni karibu 8000. Gawa 8000 kwa kipenyo, basi. Kisu cha 12 kinakupa 667, cha 20 kinakupa 400.

Mahali njia hii inapodanganya ni kwenye kisu chenye ncha ya duara kama nusu gololi. Chenye kipenyo cha milimita 10, kikizama milimita 1 tu, hakigusi kazi kwa milimita zake 10. Upana wake pale juu ya mkato ni milimita 6. Kwa mita zilezile 25, kipenyo cha 10 kinakupa mizunguko 796, ilhali cha 6 kinakupa 1326. Na hata ukizungusha hivyo, ncha yenyewe ya katikati haisafiri kabisa, inajisugua tu mahali pamoja. Kwa sababu hiyo, mashine ikiruhusu, kisu hicho hulazwa pembeni kidogo ili ubavu wake ndio ukate.