Damu nyekundu chooni: je, kila mara ni bawasiri?

Huenda umesikia ikisemwa: "Damu ikiwa nyekundu mbichi ni bawasiri tu, haihitaji kipimo."

Mara nyingi ni bawasiri kweli: matone au michirizi kwenye karatasi, bila maumivu. Ikiuma kama kukatwa na wembe wakati wa kujisaidia choo kigumu, huenda ni mpasuko wa njia ya haja kubwa. Lakini wekundu huonyesha tu kwamba damu kwa kawaida imetoka karibu na mwisho wa utumbo, na uvimbe wa saratani pia huota hapo.

Ndiyo maana daktari huanza kwa kuuliza: damu iko juu ya choo au imechanganyika nacho? Choo kimebadilika? Umepungua uzito? Kuna ndugu aliyepata saratani ya utumbo? Unatumia aspirini?

Chukua mtu wa miaka 55: bawasiri anayo, inaonekana, ila kwa wiki sita choo kimekuwa chepesi na damu imechanganyika nacho. Huyu anahitaji kolonoskopia, kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Bawasiri haifuti uwezekano wa saratani.

Damu si lazima ionekane nyekundu: choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vikali, ni dharura, ingawa vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya cheusi.