Kwa nini vitoto vya nguruwe huharisha vikiachishwa kunyonya?

"Vitoto vyangu vilikuwa vizima kabisa vikiwa na mama yao. Nimevitenga wiki tu, vyote vinaharisha. Mbona?"

Kwa kawaida mkosaji ni bakteria aitwaye E. koli, na kumbe hakuingia bandani siku ile. Alikuwepo tangu mwanzo. Maziwa ya mama yana kingamwili zinazoukinga utumbo kila kitoto kinaponyonya, na nguruwe hunyonyesha takriban kila saa moja, usiku na mchana. Siku unapomwondoa mama, kinga hiyo hukatika siku hiyohiyo, na kinga ya kitoto chenyewe bado ni changa.

Halafu kuna njaa. Kitoto kilichozoea kuitwa na mama kunyonya hakijui kujiendea chakulani. Vingi hushinda siku nzima, hata mbili, bila kula cha maana. Ukuta wa ndani wa utumbo una vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula, na kitoto kisipokula vijidole hivyo husinyaa. Siku ya tatu njaa inazidi, kinavamia hori na kubugia. Tumbo lake bado halina asidi ya kutosha, utumbo umesinyaa, basi chakula kinapita bila kusagika na kuwa karamu ya bakteria. Ndiyo maana kuhara huanza zaidi kati ya siku ya tatu na ya kumi, mfugaji akidhani hatari imeshapita.

Kwa hiyo kazi ni kuzuia ile njaa na ule ulafi, na kutobadilisha mambo yote siku moja. Tuseme una vitoto 9 vya wiki 6 huko Mbeya, mwezi wa Julai. (Wenye mashamba makubwa huachisha wiki ya 3 au ya 4, lakini wana chakula maalumu na vyumba vya joto. Kwa banda la mbao na matope nisingethubutu.) Tangu vikiwa na wiki 2 uwe umeviwekea chakula chao kidogo kidogo pembeni, mahali mama hafiki. Chakula hichohicho ndicho vitakachoendelea nacho wiki 2 baada ya kuachishwa. Kama kina soya, iwe imekaangwa. Soya mbichi inazuia usagaji wa protini na yenyewe tu huharisha.

Siku ya kuachisha, ondoa mama, vitoto vibaki palepale. Watu wengi hufanya kinyume: vitoto vinapelekwa banda geni, vinachanganywa na wengine, vinapigana usiku kucha. Siku ya kwanza pima gramu 150 kwa kila kimoja. Kwa vitoto 9 ni gramu 1,350, gawa mara tano, yaani gramu 270 kila mlo. Hori liwe refu vyote vile kwa pamoja, na masalia yaondolewe kabla hayajachacha. Kinyesi kikiwa kigumu, ongeza gramu 50 kwa kila kitoto kila siku. Kikilainika, rudi nyuma siku moja. Maji safi yasikosekane.

Ukifika wakati wa chakula kipya, changanya robo ya kipya na robo tatu za cha zamani, siku mbili tatu baadaye nusu kwa nusu, kisha robo tatu, mpaka umalize kwa siku kama 10.

Baridi nayo huharibu kazi yote hii. Kitoto cha umri huo kinataka nyuzi 26 hadi 28, na usiku wa Julai Mbeya hushuka chini ya 10. Huhitaji kipimajoto, chungulia usiku. Vikilala vimepandana, vina baridi. Vikilala ubavu vimegusana kidogo, viko sawa. Tengeneza kona yenye paa la chini la mbao, ziba upepo, jaza nyasi kavu au maranda. Jiko la mkaa kwenye banda lililozibwa usiweke, hewa yake ya sumu itaviua kabla ya baridi.

Banda lioshwe kabla vitoto havijazaliwa: kwangua kinyesi chote, sugua kwa maji na sabuni, ndipo upulize dawa ya kuua vijidudu, kisha liache likauke siku kadhaa. Dawa iliyomwagwa juu ya kinyesi ni hela iliyopotea. Baada ya hapo ni kuondoa uchafu kila siku na kubadili matandiko yaliyolowa, maana sakafu mbichi hunyonya joto la tumbo.

Kitoto kikiharisha, angalia mkia uliolowa, macho yaliyozama, na ngozi ambayo ukiifinya inachelewa kukunjuka. Ikichelewa, maji yamepungua mwilini: changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kinywe mara kwa mara, na punguza chakula cha kundi zima siku hiyo. Ukiona damu kwenye kinyesi, kope zilizovimba au kitoto kinachoyumba, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Hapo si suala la chakula pekee tena.