Shibiri ya nani ndiyo shibiri? Siri ya kamba ya mafundo

*Mvuvi ana mikono yake, na tepu ya chuma inauzwa dukani. Kwa nini basi wengine hukaa wakipiga mafundo kwenye kamba ili wapimie nyavu na vyombo?*

Kwa sababu mikono hailingani, na tepu ya chuma haidumu mbele ya chumvi. Vipimo vya zamani vya urefu vya pwani vimetoka mwilini. Shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri mbili ni mkono mmoja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ni wari, na wari mbili ni pima, yaani mikono yote miwili ikinyooshwa kama mtu anayezuia njia. Tukitaka kuoanisha na hesabu ya duka, shibiri huchukuliwa kuwa inchi 9 na pima futi 6. Mtu akifanya kazi peke yake, vipimo hivi havina kasoro yoyote, maana anayepima ndiye anayekata. Kasoro huanza wanapoingia wawili.

Tuseme ni mvuvi wa Matondoni, kisiwani Lamu, na bintiye wa miaka 12. Kusi inavuma, bahari imechafuka, chombo kimepandishwa pwani, na kazi iliyobaki ni ya nyavu. Kuna wavu mpya wa kutega unaotakiwa kuvishwa kamba zake mbili: ya juu ya maboya na ya chini ya risasi. Jicho lake ni la inchi 3, kwa maana ya jicho lililovutwa mpaka likafumba, likapimwa fundo hadi fundo. Kwa urefu wavu una macho 480. Baba anachukua kamba ya risasi, binti anachukua ya maboya, na kanuni waliyokubaliana ni moja: hesabu macho 6, pima shibiri moja ya kamba, funga uzi.

Kanuni hiyo haikubuniwa ovyo. Macho 6 ya inchi 3 yakivutwa ni inchi 18, ambazo ni mkono mmoja. Kwa hiyo mkono mmoja wa wavu unalazwa juu ya shibiri moja ya kamba, nusu kwa nusu, na kila jicho linakaa wazi kwa upana wa inchi 1.5 na kimo cha kama inchi 2.6. Wavu wa namna hii unaning'inia na ulegevu wa kutosha kumnasa samaki. Ukiuvisha kwa kuubana kidogo tu, macho hutanuka, wavu hukazana kama ngoma, na samaki wengi huugonga wakarudi. Ukiubana kupita kiasi, macho hufumba na wavu hufunika eneo dogo kuliko ulilolilipia.

Jioni kazi imekwisha. Kila kamba ina vifungo 80 na hakuna aliyekosea kuhesabu. Lakini wavu ukitandazwa mchangani, haulali. Kamba ya chini ina pima 10 kamili. Ya juu ina pima 8 na futi 2.

"Baba, mimi nimehesabu sita sita mpaka mwisho," binti anajitetea.

"Hesabu yako ni sawa, mwanangu. Ndoo, weka kiganja chako juu ya changu."

Kiganja cha mtoto kinafika inchi 7 na nusu tu. Upungufu wa inchi moja na nusu hauonekani katika kifungo kimoja, lakini ukirudiwa mara 80 unakuwa futi 10. Wavu huo ukitoswa, maboya yatavutana upande mmoja, kamba ya risasi iliyo ndefu itajikunja chini, na samaki watapita kwenye mikunjo. Dawa ni kufungua vifungo vyote 80 vya juu. Ndipo baba anapoamua kumfundisha kutengeneza kipimo kisichojali ni kiganja cha nani.

Jambo la kwanza ni kuchagua kamba, na hapa ndipo wengi huharibu. Kamba ya nailoni inavutika, kwa hiyo ukiikaza zaidi leo kuliko jana, shibiri inakuwa ndefu. Kamba ya kumbi au ya katani iliyosokotwa hufanya kinyume: ikilowa, nyuzi zake huvimba, kamba hunenepa na kufupika. Kinachofaa zaidi ni kamba ya poliesta iliyosukwa, si ya kusokotwa, yenye unene wa kama milimita 4. Nyembamba kuliko hapo, mafundo hayashikiki kwa vidole vilivyolowa. Nene kuliko hapo, fundo lenyewe linakuwa pana mno, hujui upimie katikati yake au ukingoni.

Hata hiyo ya poliesta haipigwi mafundo ikitoka dukani. Inalowekwa maji ya bahari usiku kucha, kisha inaning'inizwa kwa jiwe la kilo 2 au 3 mpaka ikauke. Mvutiko wote ambao ungetokea baadaye kazini utokee sasa, kabla ya kupimwa.

Halafu kamba ikatwe ya urefu gani? Kipimo kinachohitajika ni cha pima 2, yaani futi 12, lakini kila fundo hula kamba. Kwa unene wa milimita 4, fundo la kawaida lililokazwa hula kama sentimita 4. Usiamini tu: piga mafundo 10 kwenye kipande kingine cha kamba hiyo hiyo, kipime kabla na baada, kisha ugawe tofauti kwa 10. Shibiri 16 zina mafundo 16, na kuna kitanzi cha mwanzo na mkia wa mwisho. Akikata pima 3 atabaki na ziada, na ziada haidhuru. Akikata pima 2 na kidogo, atafika shibiri ya kumi na tatu au ya kumi na nne na kamba imekwisha.

Sasa kitu muhimu kuliko kamba yenyewe: ubao. Baba anachukua ubao ulionyooka wenye urefu wa zaidi ya futi 6, anapigilia msumari mmoja mwanzoni, kisha anachora mistari kila inchi 9 mpaka mstari wa nane, akipimia tepu ya chuma mara hii moja tu. Kila mstari unapimwa kutoka kwenye msumari, si kutoka kwenye mstari uliotangulia. Sababu ni ile ile iliyoharibu wavu. Ukikosea milimita 3 kila unapohama kutoka fundo hadi fundo, na kosa likawa la upande mmoja, kwenye fundo la kumi na sita umepotea karibu sentimita 5. Ukipima kila fundo kutoka mwanzo, kosa la fundo moja linabaki la fundo hilo peke yake.

Binti anafunga kitanzi kisichoteleza, anakitia kwenye msumari, na mwanzo wa kipimo ni pale kitanzi kinapougusa msumari. Anapiga fundo la kwanza likiwa bado limelegea, anachomeka msumari mwembamba ndani ya tundu lake, na kwa msumari huo analisogeza polepole mpaka likae juu ya mstari. Hapo ndipo analikaza. Ukilikaza kwanza ukatumaini litasogea baadaye, halisogei. Kwa kuwa fundo linakula kamba kutoka upande ulio huru, mafundo ya nyuma hayahami.

Kwenye shibiri ya nne, ambayo ni wari, anapitisha mkia mara mbili ndani ya fundo ili liwe nene. Kwenye shibiri ya nane anachomeka kipande cha ngozi kabla ya kukaza: hiyo ni pima. Kisha anahamisha ngozi kwenye msumari na kuanza pima ya pili kwa mistari ile ile. Ngozi si pambo. Asubuhi kabla ya jua, mikono ikiwa na magamba ya samaki, vidole vinatofautisha fundo jembamba, fundo nene na ngozi bila macho kusaidia.

Kamba hii ikishuka kwenye chombo, kazi yake kubwa ni kulinganisha kulia na kushoto. Tuchukue mashua inayoundwa, mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, umelazwa, hanamu ya mbele na fashini ya nyuma zimesimama, na mataruma ya kwanza, yaani mbavu zake, yamewekwa lakini hayajapigiliwa moja kwa moja. Msumari unapigiliwa katikati ya kichwa cha hanamu, kitanzi kinatiwa hapo, kamba inavutwa hadi ncha ya taruma la tatu upande wa kulia: shibiri 7 na vidole 2. Upande wa kushoto: shibiri 7 na vidole 4.

Tofauti ya vidole 2 inaweza kuwa na maana mbili, na kurekebisha bila kujua ni ipi ni kuongeza ubaya. Huenda taruma limetanuka kushoto, au huenda limekaa mshazari. Kwa hiyo uzi wa kati unavutwa kutoka hanamu hadi fashini, na upana unapimwa kutoka kwenye uzi huo hadi kila ncha. Zote mbili ni shibiri 3. Basi halikutanuka, ncha ya kushoto imerudi nyuma kuelekea tezi. Inasogezwa mbele kama kidole kimoja, ya kulia inarudi nyuma kidole kimoja, na vipimo vinapimwa upya. Vidole hapa ni vya mtu mmoja tu kwa pande zote mbili, na mkazo wa kamba ni ule ule. Binti akipima kulia, baba asimpokee kushoto.

Kamba hiyo hiyo hupita mahali ambapo tepu ya chuma hukataa, yaani kwenye tumbo la chombo. Inalazwa nje ya taruma kutoka mkukuni hadi ukingoni, ikifuata mstari wa taruma bila kwenda mshazari. Ikitoka shibiri 6, ni inchi 54, na mbao za upana wa inchi 6 zitahitajika 9 kila upande hapo. Karibu na tezi, umbo linapoingia ndani, kamba iliyokazwa huruka bonde na kusoma pungufu. Lazima mkono wa pili uibonyeze bondeni.

Kila mwanzo wa msimu, kamba inarudishwa ubaoni. Ngozi ikipita mstari wa nane kwa zaidi ya upana wa kidole, haipigwi fundo la kurekebisha. Inakatwa vipande siku hiyo hiyo na kufungiwa maboya, mtu asije akaiokota akapimia.